Baiskeli na skuta za kukodi London: chagua pasi kabla dakika hazijakula hela yako

Hali ya hewa ikianza kuwa nzuri London, maswali ni yale yale. "Nimeshalipia pasi, mbona nimekatwa tena?" "Baiskeli imezimika katikati ya barabara, nimefanya nini?" "Nikigusa Oyster itafunguka?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa, kwa mpangilio wa mtu ambaye hajawahi kukodi hata mara moja.

Jibu la swali la mwisho ni hapana, Oyster haifungui baiskeli. Hayo mengine mawili yanahitaji maelezo.

Kuna jambo moja ukilielewa, mengine yote yanakuwa mepesi. Neno "dakika za bure" halina maana moja, linategemea kampuni. Lifikirie kama bando la simu: kuna bando la siku, kuna la dakika kadhaa lenye tarehe ya mwisho, na kuna lile linalokupa muda fulani kwa kila simu unayopiga. Baiskeli za London zina aina zote tatu:

- Santander Cycles (zile nyekundu za vituoni, za mamlaka ya usafiri TfL): dakika zinahesabiwa kwa kila safari. Ukirudisha baiskeli na kuchukua nyingine, hesabu inaanza upya.
- Forest (za umeme, hazina vituo): unapewa dakika 10 bure kwa siku. Ukizimaliza asubuhi, jioni huna.
- Lime (za umeme, hazina vituo): ukinunua pasi ya dakika unapata kifurushi chenye tarehe ya mwisho. Kila safari inakata humo humo, na zinazobaki tarehe ikifika zinapotea.

Wengi wanaolalamika kukatwa hela walinunua aina moja wakidhani ni nyingine.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Kadi ya benki, ya debiti au ya mkopo, inayokubali malipo ya mtandaoni. Hakikisha ina salio zaidi ya bei ya safari, maana baadhi ya kampuni hushikilia kiasi fulani mwanzoni na kukirudisha baadaye. Ukiona pauni kadhaa "zimetoka" kabla hujapanda, mara nyingi ni hizo, hujaibiwa.

Simu yenye intaneti na chaji ya kutosha. Kwa Santander unaweza kuponea kwenye mashine ya kituo ukiwa na kadi tu, lakini kwa Lime na Forest simu ndiyo ufunguo na ndiyo kufuli. Ikizima ukiwa njiani, saa ya malipo inaendelea kuhesabu.

Umri: kukodi Santander lazima uwe na miaka 18, ingawa mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kuiendesha akiwa chini ya mtu mzima aliyeikodi. Skuta ni miaka 18 na leseni ya udereva. Hilo la leseni nitalirudia chini kwa sababu linawakwamisha wengi wetu.

Na kama umekulia Bujumbura, Kigali au Bukavu, kumbuka hapa watu wanaendesha kushoto. Waliotoka Dar na Nairobi hawana shida hiyo.

Hatua kwa hatua

1. Angalia ramani kabla ya bei. Fungua programu ya kila kampuni, utazame unakoanzia na unakokwenda. Vituo vya Santander vipo katikati ya jiji na maeneo yanayolizunguka: magharibi vinafika upande wa Hammersmith na Putney, mashariki vinafika Canary Wharf na Stratford. Ukikaa Tottenham, Lewisham au Barking, hakuna kituo karibu yako. Unaweza kuiendesha baiskeli mpaka huko, hakuna kitakachoizuia, lakini huna pa kuirudisha, na dakika zinakwenda. Kwa Lime na Forest angalia mipaka ya manispaa. Kila manispaa inaingia mkataba wake, na mikataba inabadilika: mwaka 2025 Hounslow iliachana na Lime ikachukua Forest na Voi, na waliozoea kuvuka kutoka Richmond kwa Lime wakajikuta wamekwama mpakani.

2. Hesabu safari zako halisi. Jiulize mambo mawili: safari moja inachukua dakika ngapi, na utaenda mara ngapi kwa mwezi? Usitumie dakika zinazotajwa na ramani ya simu peke yake. Ongeza dakika tano za taa za barabarani, na nyingine tano za kutafuta pa kufungia.

3. Linganisha bei. Hizi ni za Santander kama zilivyokuwa Machi 2024, pasi ya siku ilipoanzishwa. Skrini ikikuonyesha tofauti, fuata skrini.

- Safari moja hadi dakika 30: pauni 1.65
- Pasi ya siku (saa 24), safari zozote za hadi dakika 30 kila moja: pauni 3
- Uanachama wa mwezi, safari zozote za hadi dakika 60 kila moja: pauni 20
- Uanachama wa mwaka, masharti yale yale: pauni 120
- Ukizidisha muda: pauni 1.65 kwa kila dakika 30 zinazoongezeka, hata ukizidisha kwa dakika moja

Bei hizo ni za baiskeli ya kawaida. Ukichukua ya umeme kwa safari moja ni pauni 3.30, na hata mwanachama anaongezewa pauni 1 kila safari. Hapo ndipo penye "nimelipia pasi, mbona nimekatwa?" Baiskeli ya umeme ya Santander inafanana sana na ya kawaida, watu wanaivuta kituoni bila kutazama. Soma kwanza.

Tuchukue mfano wa mtu anayekaa Whitechapel na anafanya kazi ya usafi ofisini karibu na Waterloo. Ni kama kilomita tano, dakika 25 hivi kwa mwendo wa kawaida. Anakwenda na kurudi siku 20 kwa mwezi, yaani safari 40.

Akilipa safari moja moja: 40 mara 1.65 ni pauni 66. Akinunua pasi ya siku kila siku ya kazi: pauni 60. Akiwa mwanachama wa mwezi: pauni 20 basi. Akiwa mwanachama lakini kila safari anachukua ya umeme: 20 na 40, jumla pauni 60, yaani amerudi pale pale pa pasi ya siku.

Sasa Lime bila pasi. Inatoza ada ya kufungua pauni 1, kisha kila dakika. Bei ya dakika inabadilika kwa mtaa na wakati, tuseme ni peni 29. Dakika 25 ni pauni 7.25, ukiongeza ada ya kufungua ni pauni 8.25 kwa safari moja. Mara 40 ni pauni 330. Sisemi Lime ni wabaya, ziko kila kona na saa nane usiku utazipata. Lakini kwa njia ya kazini ya kila siku, huo ni mshahara wa siku kadhaa.

Kanuni fupi kwa Santander: safari mbili kwa siku tayari zinalipa pasi ya siku. Siku saba za kuendesha kwa mwezi tayari zinalipa uanachama wa mwezi. Na kama unajua utaendesha zaidi ya miezi sita, chukua wa mwaka.

4. Jisajili na uzime kujirudia kwa malipo. Pakua programu rasmi, weka kadi, chagua pasi. Kabla ya kubonyeza kulipa, tafuta kitufe cha malipo yanayojirudia. Uanachama na pasi za usajili hupenda kujilipa zenyewe mwezi ukiisha. Wengine wanaendesha Julai tu, Desemba bado wanakatwa.

Kwa pasi ya Lime, soma mambo matatu: dakika ngapi, zinaisha lini, na kama ada ya kufungua imo ndani. Pasi nyingi za dakika zinafuta ada hiyo. Dakika zako zikikuishia ukiwa barabarani, baiskeli haisimami wala haikuulizi, inahamia bei ya kawaida ya kila dakika.

5. Ikague baiskeli kabla ya kuifungua. Minya matairi, kamata breki zote mbili, angalia kama kiti kinapanda na kushuka. Kiti cha Santander kilichogeuzwa kutazama nyuma ni ishara ya watumiaji wenyewe kwa wenyewe kwamba baiskeli hiyo mbovu, iache. Ukigundua ubovu baada ya kuitoa, irudishe hapo hapo na ubonyeze kitufe cha hitilafu kwenye nguzo inayoifunga, ili mwingine asiichukue.

6. Fungua. Santander inakupa namba ya tarakimu tano, zote ni 1, 2 au 3. Unaibonyeza kwenye nguzo ya baiskeli uliyoichagua. Taa ya njano inamaanisha subiri. Ya kijani, vuta kwa nguvu, ukiinyanyua kidogo kwa kiti. Nyekundu, namba imekataliwa. Namba hiyo inadumu dakika 10 tu, kwa hiyo usiichukue ukiwa bado jikoni unakunywa chai. Lime na Forest unaskani msimbo ulio kwenye usukani. Kitazame kiasi kinachoonyeshwa kabla ya kuthibitisha: ada ya kufungua ikionekana wakati pasi yako inapaswa kuifuta, pasi haijatumika. Rudi nyuma uichague.

7. Ukiwa njiani, simamia saa. Weka alamu ya dakika 22 kama kikomo chako ni 30. Safari yako ikiwa ndefu na una pasi ya siku, simama kwenye kituo cha katikati, ifunge, uchukue nyingine, na hesabu inaanza upya. Mtu wa Whitechapel akiona Blackfriars msongamano umemkamata, anaweza kufanya hivyo bila senti ya ziada. Ila ujanja huu haumsaidii aliyelipa safari moja, kwa sababu safari mpya ni pauni 1.65, sawa kabisa na ya kuzidisha muda. Mwanachama wa mwezi mwenye dakika 60 wala hahitaji kuuwaza.

Usiendeshe juu ya njia ya waenda kwa miguu na usipite taa nyekundu. Faini ya papo kwa papo ni pauni 50 kwa kila kosa, na hakuna pasi inayoilipa.

8. Rudisha mpaka uone kijani. Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitasema polepole. Santander: sukuma gurudumu la mbele ndani ya nguzo kwa nguvu, usubiri taa ya kijani, halafu jaribu kuivuta. Ikigoma kutoka, safari imeisha. Kama taa haikuwaka, hata baiskeli ikionekana imesimama vizuri, kwa mfumo bado unaendesha. Baada ya saa 24 inahesabiwa imepotea, na tozo inaweza kufika pauni 300. Fungua programu uone safari imefungwa ndipo uondoke.

Lime na Forest: nenda kwenye eneo la kuegesha lililoonyeshwa kwenye ramani, funga, piga picha, bonyeza kumaliza, subiri risiti. Picha ionyeshe baiskeli nzima ikiwa ndani ya mistari. Ukiiacha katikati ya njia ya watu, kampuni inatoza faini. "Kusimamisha kwa muda" si kumaliza: dakika zinaendelea kukatwa wakati wewe uko dukani unachagua unga.

Skuta: mambo yanayobadilika

Skuta za umeme za kukodi zipo London kwa majaribio yaliyoanza Juni 2021, na ni baadhi tu ya manispaa zilizojiunga. Malipo yanafanana na ya Lime, ada ya kufungua kisha kila dakika. Tofauti kubwa ni leseni na mipaka.

Leseni ya Uingereza inakubaliwa hata kama ni ya mwanafunzi. Yenye kuleta mkanganyiko ni ya nyumbani. Leseni kamili ya Tanzania au Kenya inakubalika kisheria kama una chini ya miezi 12 tangu uingie nchini. Ya mwanafunzi kutoka nyumbani haikubaliki. Miezi 12 ikipita, omba leseni ya mwanafunzi ya hapa. Na usimpe mwenzako akaunti yako "azunguke kidogo". Akikamatwa, kesi inaanzia kwenye jina lako.

Mwendo wa juu umefungwa kwenye kilomita 20 kwa saa. Ramani ina maeneo ya aina tatu unayopaswa kuyajua: mahali skuta inapopunguza mwendo yenyewe hadi kilomita 13 hivi, mahali usiporuhusiwa kuegesha, na mahali usiporuhusiwa kuingia kabisa. Ukiingia hapo pa mwisho, mota inapungua taratibu mpaka inasimama. Haijaharibika. Ishuke, uisukume kurudi ulikotoka, itawaka.

Skuta uliyojinunulia dukani ni jambo jingine kabisa. Barabarani hairuhusiwi, polisi wanaichukua, na wanaweza kukupiga faini ya pauni 300 na pointi sita kwenye leseni. Kwa dereva mpya hizo pointi sita zinatosha kuipoteza leseni yenyewe. Nimeona vijana wanaotaka kuendesha Uber wakijiharibia hapo.

Ikikwama

*Kituo kimejaa, dakika zinakaribia kuisha.* Usiiache ikiegemea ukuta. Nenda kwenye mashine ya kituo, chagua `No docking point free`, utapewa dakika 15 za ziada bure na kuonyeshwa vituo vya karibu vyenye nafasi. Lazima ufanye hivyo kabla hujaondoka hapo. Asubuhi vituo vya karibu na ofisi za City vinajaa haraka, kwa hiyo tazama ramani ukiwa bado umebakiwa na dakika 10.

*Taa ya kijani haikuwaka.* Vuta nyuma, sukuma tena kwa nguvu. Ikikataa, jaribu nguzo nyingine. Ikiwa imenasa haitoki na taa haiwaki, piga picha ya baiskeli, ya namba yake na ya nguzo, kisha piga simu ya huduma kwa wateja ukiwa bado umesimama hapo. Ukipiga baada ya siku mbili bila picha, utabishana sana.

*Namba yangu inakataa.* Kuna uwezekano imepita dakika 10, au umeibonyeza haraka kupita kiasi. Omba nyingine. Ikikataa kwenye nguzo mbili tofauti, angalia kama kadi yako imekwisha muda.

*Baiskeli ya umeme imekuwa nzito ghafla.* Fungua ramani. Kama umevuka mstari wa eneo, mota imezimwa makusudi, na huwezi kumaliza safari mpaka urudi ndani. Kama uko ndani ya eneo, ni betri: maliza safari kwenye egesho la karibu na uripoti. Usilipe tena ada ya kufungua nyingine kabla ya kuomba irejeshwe, huwa wanairejesha ukiripoti mapema.

*Simu imezima nikiwa na Lime.* Ipeleke baiskeli kwenye egesho, kumbuka namba iliyoandikwa juu yake, tafuta chaji dukani au kwenye kinyozi, umalize safari. Ukishindwa, ingia kwenye akaunti kwa simu ya mwenzako. Kisha andika malalamiko ukitaja saa ulipoegesha. GPS ya baiskeli itaonyesha haikusogea.

*Nimekatwa zaidi ya nilivyotegemea.* Fungua historia ya safari, uangalie vitu hivi kwa mpangilio: muda wa safari ulizidi kikomo? Ilikuwa baiskeli ya umeme? Ada ya kufungua imo? Kuna safari ambayo haikufungwa? Ni pasi iliyojirudia mwezi mpya? Ukilijua jibu ndipo uandike kwao, ukitaja tarehe, saa na kituo. Ukiandika tu "mmenikata hela", jibu litakuwa ni kukutumia masharti uyasome.